Unyevu wa kutoka chini kwenye kuta na sakafu: maswali yanayoulizwa na wenye nyumba wa Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Fundi, hakuna bomba linalovuja na bati ni zima. Mbona ukuta umelowa kuanzia chini?

Kwa sababu maji yanapanda yenyewe kutoka ardhini. Udongo una nafasi ndogondogo kati ya punje na punje, na nafasi hizo zikiungana zinakuwa vijia vyembamba. Maji hushikamana na punje za udongo, na pia hushikana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo yakigusa kijia chembamba yanavutwa kwenda juu hadi uzito wa maji yaliyopanda ulingane na nguvu inayoyavuta. Ndiyo kazi ya utambi wa koroboi. Wataalamu wanaiita nguvu ya kapilari.

Kipimo chake ni rahisi kukumbuka. Kijia chenye upana wa milimita 1 kinapandisha maji sentimita 3 hivi. Ukipunguza upana mara kumi, ukawa milimita 0.1, maji yanapanda sentimita 30. Punguza tena mara kumi na yanafika mita 3. Kwa hiyo kinachoamua ni wembamba wa nafasi zilizo kwenye udongo chini ya nyumba yako. Wingi wa mvua unaamua tu maji ya ardhini yako karibu kiasi gani na nyumba.

Tofali la kuchoma na mota nazo zina vijia kama hivyo. Udongo ukishafikisha maji kwenye msingi, ukuta unayapokea na kuendelea kuyapandisha.

Jirani yangu alijenga mwaka huohuo, fundi huyohuyo, ila sakafu yake ni kavu. Tofauti iko wapi?

Mara nyingi iko kwenye udongo na kwenye kifusi alichojaza chini ya jamvi la zege. Mchanga wa punje kubwa, ule unaokwaruza kiganja, unapandisha maji sentimita chache, labda kumi na kitu. Mchanga wa kati unafika sentimita 10 hadi 40 hivi. Mchanga laini sana unaweza kukaribia mita moja. Kisha kuna udongo wa silti: punje zake ni ndogo kuliko mchanga lakini ni kubwa kuliko za mfinyanzi, yaani kati ya milimita 0.06 na 0.002. Huu unapandisha maji mita moja na kuendelea, na silti laini inapita mita kadhaa.

Huku kwetu silti haiko kila mahali. Mtu aliyejenga mlimani juu ya mwamba uliooza, kama sehemu nyingi za mji wa Iringa, anaweza kuwa na mchanga mgumu wenye punje kubwa. Aliyejenga kwenye tambarare la Usangu, au kando ya mto ambapo mafuriko yalitandaza tope miaka na miaka, huenda ana silti tupu hadi kina cha mita kadhaa. Upande wa Rungwe na Mbeya mjini kuna majivu ya volkano, nayo yana sehemu kubwa ya punje laini. Hata ndani ya mtaa mmoja udongo hubadilika, hasa unaposhuka kutoka mwinuko kwenda bondeni.

Si nilisikia mfinyanzi ndio unaovuta maji juu kuliko udongo wote?

Kwa hesabu, ndiyo. Vijia vya mfinyanzi ni vyembamba mno na maji yangeweza kupanda mita nyingi. Ila wembamba huohuo unayachelewesha: maji yanatambaa polepole hivi kwamba sakafu inaweza kukausha yanayofika kabla hujayaona. Silti ndiyo yenye hasara zote mbili, kwa kuwa inapandisha juu na inapandisha haraka. Mfinyanzi wenyewe una ubaya mwingine wa kuvimba na kusinyaa hadi kuta zipasuke, lakini hilo ni suala lake peke yake.

Nitajuaje kama kiwanja changu kina silti bila kwenda maabara?

Chukua udongo wa kina cha nusu mita hivi. Ule wa juu wenye mizizi utakudanganya. Loweka kiasi cha kujaa kiganja hadi uwe laini, ufanye kama andazi bapa mkononi, kisha gonga upande wa mkono huo kwa mkono mwingine mara kadhaa. Silti itatoa maji na uso wake utang'aa. Ubonyeze kwa vidole: mng'ao unapotea mara moja na udongo unakuwa mgumu kidogo. Mfinyanzi haufanyi hivyo, unabaki vilevile na unanata. Mchanga unamomonyoka tu.

Kipimo cha pili ni cha chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa pana inayoonyesha ndani, ongeza maji, tikisa sana, weka mezani. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja. Kinachotua katika saa mbili zinazofuata ni silti. Maji yakibaki na ukungu hadi kesho yake, huo ni mfinyanzi. Pima kila tabaka kwa rula. Tabaka la kati likiwa nene kuliko mengine, panga msingi wako ukijua hivyo.

Jambo la tatu ni kuchimba shimo la mita mbili mwezi wa tatu au wa nne, ulifunike mvua isiingie, na kuangalia asubuhi maji yamesimama wapi. Shimo la mwezi wa tisa halikuambii chochote. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunakagua viwanja wakati wa kiangazi, kwa kuwa barabara zinapitika.

Unaweza kutupa mfano wa nyumba halisi?

Niliitwa kuangalia nyumba ya vyumba vitatu upande wa Igurusi, si mbali na mashamba ya mpunga. Ilijengwa kwa tofali za kuchoma, sakafu ikiwa juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 30. Vyumba viwili vilikuwa na sakafu iliyopauka na kulowa, na ukutani kulikuwa na mkanda wa kahawia uliopanda hadi sentimita 70. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshapaka rangi mara mbili na yote ikabanduka.

Tulichimba shimo nje mwezi wa nne. Maji yalisimama mita 1.1 chini ya uso wa ardhi. Jamvi lilikuwa na unene wa sentimita 10, kwa hiyo kati ya uso wa ardhi na sehemu ya chini ya jamvi kulikuwa na sentimita 20 za kifusi. Jumla, maji yalitakiwa kupanda mita 1.3 ili yaguse zege.

Kuna kanuni ya makadirio ambayo wahandisi wa udongo huitumia:

```
h = C / (e × D10)
```

Hapa h ni kimo cha kupanda kwa milimita. D10 ni ukubwa wa punje, kwa milimita, ambao asilimia 10 tu ya udongo kwa uzito ni ndogo kuliko huo. Herufi e ni uwiano wa nafasi tupu kwa ujazo wa punje. C ni namba kati ya 10 na 50, kutegemea umbo na usafi wa punje.

Udongo wa pale ulikuwa silti, na kwa makadirio D10 yake ilikuwa milimita 0.01 na e ilikuwa 0.8. Ukitumia C ya chini kabisa, 10, unapata milimita 1,250. Ukitumia 50 unapata milimita 6,250. Yaani hata kwa kadirio la chini maji yanakaribia kabisa jamvi, na kwa kadirio lolote la kati yanalipita mbali. Kifusi nacho kilikuwa udongo uleule wa uani, uliochimbwa kwenye msingi na kushindiliwa ndani. Kwa hiyo utambi haukukatika popote kati ya maji na zege, na chini ya zege hapakuwa na nailoni.

Sasa weka mchanga safi wa punje kubwa kwenye zile sentimita 20, wenye D10 ya milimita 0.5 na e ya 0.6. Hesabu inatoa kati ya milimita 33 na 167. Ardhi ya asili bado ingepandisha maji hadi usoni, lakini yangeishia ndani ya mchanga kabla ya kufika juu. Ila angalia jinsi kadirio la juu, milimita 167, lilivyo karibu na 200. Ndiyo maana mimi napendelea mawe.

Mawe au kokoto yanazuiaje maji wakati yana matundu makubwa zaidi?

Ukubwa wa matundu ndio unaozuia. Nafasi ya sentimita moja kati ya jiwe na jiwe inaweza kuyapandisha maji milimita chache tu. Maji yaliyo kwenye silti yanabaki kwenye silti, maana yakiwa pale yanavutwa kwa nguvu kuliko yanavyoweza kuvutwa na nafasi pana iliyo juu yake.

Sharti ni kwamba nafasi hizo zibaki tupu. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mawe yanaletwa na lori yakiwa na udongo wake, yanamwagwa, kisha mtu anatandaza moramu juu "ili kuziba mapengo" na kushindilia. Mapengo yakishazibwa kwa punje laini, njia ya maji imerudi. Tandaza mawe ya unene wa sentimita 15, yaliyo safi, na juu yake mchanga wa punje kubwa usiozidi sentimita 5, wa kusawazisha tu ili nailoni isichanike.

Yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini yanapatikana kwa urahisi sehemu za Mbeya na Rungwe, na watu huyatumia kama kifusi. Siyapendi kwa kazi hii. Kila jiwe lina vitundu ndani yake vinavyonywa maji, na yakikanyagwa yanasagika kuwa vumbi. Tafuta jiwe gumu.

Tabaka la mawe lina mpaka wake pia. Linakata maji yanayovutwa na kapilari, si maji yanayosukumwa. Ikiwa kwenye masika maji ya ardhini yanapanda hadi ndani ya mawe yenyewe, kiwanja kinahitaji mtaro wa kuyaondoa au sakafu iinuliwe zaidi. Hakuna nailoni itakayokuokoa hapo.

Nikiweka nailoni, bado nahitaji mawe? Na inawekwa wapi hasa?

Weka vyote. Nailoni nyeusi inayofaa ni ya geji 1000 au zaidi, yaani unene wa robo milimita hivi. Ile nyepesi ya kufunikia biashara sokoni inatobolewa na viatu vya vibarua kabla zege halijamwagwa. Inakaa juu ya mchanga wa kusawazisha na chini ya zege la jamvi. Vipande vilaliane sentimita 30 na maungio yagandishwe kwa utepe.

Kosa kubwa liko kwenye kingo. Fundi anatandaza nailoni, anaikata ilingane na ukuta, anamwaga zege. Maji yanapanda kupitia tofali za msingi, yanazunguka ukingo wa nailoni na kuingia kwenye ukuta na pembeni mwa sakafu. Nailoni ya sakafu lazima ipande ukutani na kuungana na ule mkanda wa kuzuia unyevu unaolazwa juu ya msingi katika unene wote wa ukuta. Mkanda huo uwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Ukija kumwaga udongo wa bustani au sakafu ya nje hadi ukaupita, umetengeneza daraja la maji juu ya kizuizi chako mwenyewe.

Mvua zinaisha mwezi wa tano, lakini sakafu yangu inalowa zaidi mwezi wa tano kuliko wa kwanza. Kwa nini?

Maji ya ardhini yanachelewa nyuma ya mvua. Huku mvua huanza Novemba au Desemba, na miezi ya kwanza ardhi kavu inayanywa. Kimo cha juu cha maji ya ardhini mara nyingi kinakuja mvua zikikaribia kwisha.

Kuna sababu ya pili isiyojulikana sana. Udongo uliokwisha kulowa unashikilia maji kwa kimo kikubwa kuliko ambacho udongo mkavu ungeyapandisha. Maji yakipanda yanakwama kila yanapokutana na nafasi pana. Yakishuka, yananing'inia kwenye zile nyembamba na hayataki kuachia. Kwa hiyo maji ya ardhini yanaweza kuwa yameshashuka kisimani huku kifusi chako kikiendelea kulilisha jamvi kwa wiki nyingi.

Mwezi wa saba kuta zinatoka jasho asubuhi na kona zina madoa meusi. Huo nao unatoka chini?

Pengine hapana. Usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya joto hushuka chini ya nyuzi 10 mara kwa mara, na Makete na Njombe ni zaidi. Watu wamelala, milango imefungwa, pengine kuna sufuria iliyochemka jioni. Mvuke wa ndani unakutana na ukuta wa baridi na kugeuka matone. Madoa meusi ya ukungu, hasa kwenye kona za juu na nyuma ya kabati, ni dalili ya hilo. Unyevu wa kutoka chini hauanzii dari.

Ukitaka uhakika kwenye sakafu, kata nailoni inayoonyesha ndani, nusu mita kwa nusu mita, igandishe kingo zote kwa utepe kwenye uso mkavu wa sakafu, uiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa chini, au zege likiwa jeusi ukiinua, maji yanatoka ardhini. Yakikaa upande wa juu tu, yanatoka hewani, na dawa yake ni kufungua madirisha na kuweka matundu ya hewa. Nimeona nyumba ambazo sakafu ilivunjwa bure kwa sababu hakuna aliyefanya jaribio hili.

Nilibandua plasta iliyooza hadi nusu mita, nikapiga ya saruji nzito. Sasa unyevu umefika dirishani. Nimekosea nini?

Ukuta unapandisha maji kutoka chini na wakati huohuo unayapoteza hewani kupitia uso wake. Kimo cha mkanda wa unyevu ni pale ambapo maji yanayoingia yanalingana na yanayokauka. Ndiyo maana kwa kawaida kinaishia chini ya mita moja hivi, ingawa kwa hesabu ya vijia pekee tofali lingeweza kuyapandisha juu zaidi.

Plasta nzito ya saruji imefunga uso. Maji yamekosa pa kutokea, yakapanda hadi palipo wazi. Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo, na marumaru za ukutani pia. Ukuta unaonekana mzima mwaka wa kwanza, kisha doa linatokea juu ya pale ulipoishia.

Na ule unga mweupe unaochanua ukutani?

Ni chumvi. Maji yanayeyusha chumvi za udongo, za tofali na za saruji, yanazibeba juu, yanakauka na kuziacha. Zikikauka ndani ya plasta badala ya usoni, fuwele zake zinatanuka na kuimomonyoa. Ndiyo plasta inayobanduka ukiigusa. Zifute kwa brashi kavu. Ukiziosha kwa maji zinayeyuka na kurudi ndani.

Karibu na choo cha shimo au zizi la ng'ombe chumvi huwa za aina inayonyonya unyevu hewani. Ukuta wa hivyo unalowa kila masika hata baada ya kukata maji ya chini, hadi plasta yenye chumvi iondolewe.

Nyumba imeshajengwa bila kizuizi chochote. Nianze na nini?

Anza nje, ndiko kwenye gharama ndogo. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linamwaga lita 2,000 kwa siku, na bila gata zote zinaingia kando ya msingi wako. Funga gata, peleka maji mbali. Shusha ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. Kama nyumba iko kwenye mteremko, chimba mtaro upande wa juu ukate maji kabla hayajafika. Subiri masika moja uone.

Kule Igurusi gata na mtaro vilishusha mkanda wa unyevu ukutani, ila sakafu ilibaki na unyevu, kwa kuwa maji ya ardhini yenyewe yalikuwa karibu. Vyumba viwili vilivunjwa sakafu, udongo wa ndani ukatolewa, yakawekwa mawe, mchanga, nailoni iliyopandishwa pembeni, na zege la sentimita 10.

Ukutani kazi ni ngumu zaidi. Inawezekana kutoa tofali za kozi moja kwa vipande vifupi visivyozidi mita moja, ukiruka kipande kila mara ili ukuta usikae hewani, ukalaza mkanda wa kuzuia unyevu na kurudishia tofali kwa mota. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu na isifanywe kwenye ukuta wenye nyufa. Dawa za kudunga ukutani zipo, lakini kwenye msingi wa mawe yasiyo na mpangilio haziendi sawasawa na sizitegemei.

Baada ya hapo nipige plasta lini?

Usiharakishe. Bandua plasta yote hadi sentimita 30 juu ya pale doa la unyevu lilipoishia, uache ukuta uchi. Makadirio ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo ukuta wa tofali moja wa sentimita 23 unahitaji miezi tisa hivi. Ukianza mwezi wa tano unapata kiangazi chote na upepo wake. Kisha piga plasta ya chokaa na mchanga, na rangi ya maji inayopumua. Marumaru ziwe za mwisho, na kabla ya kuzilaza rudia jaribio la nailoni kwenye kila chumba.